Skuta ya umeme ya mtumba, sasisho moja, na mlima wa Bugando

Skuta yangu ni ile ya kusimama, magurudumu mawili madogo, betri ya volti 36. Ilifika Mwanza kwenye kontena la mitumba kutoka Ujerumani, nikainunua mjini ikiwa na chaja yake na mikwaruzo yake. Chapa siitaji, maana haya ninayoyaeleza yanazihusu skuta nyingi za aina hii. Naitumia kutoka Kitangiri kwenda kazini mjini, na mara nyingine napanda nayo Bugando kumwona shangazi.

Wiki za kwanza ilikuwa raha tupu. Modi ya S ilinipeleka kilomita 25 kwa saa, D ilikwenda 20, na Eco niliiacha kwa siku ambazo chaji inakaribia kwisha. Kubadilisha modi ni kubonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili haraka. Ukibonyeza mara moja unawasha taa. Kisha aplikesheni ikaanza kuweka alama nyekundu: kuna sasisho. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja tu, kwamba linaboresha uthabiti. Maneno hayo hayakuambii kitu, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote nilipima skuta ilivyo.

Kwanza nieleze kinachosasishwa, kwa sababu wengi wanadhani skuta ina programu moja. Zipo tatu. Ya kwanza inakaa kwenye dashibodi, pale penye kioo na kitufe, na kazi yake ni kuonyesha namba na kuongea na simu kwa Bluetooth. Ya pili iko ndani ya kontrola, kile kisanduku kinachogawa umeme kwenda kwenye mota. Hiyo ndiyo inayoamua spidi ya kila modi, ukali wa kuondoka, na nguvu ya breki ya umeme. Ya tatu ni ya betri yenyewe, inalinda seli na kukokotoa asilimia ya chaji. Kwenye aplikesheni, ukiingia mipangilio ya skuta, kila moja ina namba yake ya toleo. Nilizipiga picha ya skrini zote tatu. Aplikesheni ilionyesha kwamba sasisho langu linagusa kontrola na betri, na hapo nikajua spidi inaweza kubadilika.

Kupima nilifanya hivi. Kwa tambarare nilitumia barabara ya Makongoro upande wa Pasiansi, asubuhi kabla daladala hazijajaa, simu mfukoni ikiwa imewasha programu ya GPS inayorekodi spidi. Namba ya dashibodi peke yake haitoshi. Skuta inahesabu mizunguko ya gurudumu na kuizidisha kwa mzingo wa tairi ulioandikwa ndani ya programu, hivyo ukifunga tairi za inchi 10 mahali pa inchi 8.5, kioo kitasema 25 wakati wewe unakwenda karibu 29. Zangu ni za saizi ya kiwandani, na GPS ilikubaliana na kioo kwa tofauti ndogo.

Kwa mlima nilichagua kipande kimoja cha kupanda Bugando, kilekile kila mara, betri ikiwa juu ya asilimia 90 na tairi zimejazwa upepo vizuri. Aplikesheni yangu ina ukurasa wa betri unaoonyesha volti na ampea papo hapo. Huwezi kuusoma huku unaendesha na bodaboda zinakupita kulia na kushoto, kwa hiyo niliwasha kurekodi skrini, nikaweka simu kwenye kishikio cha usukani, nikapanda, kisha nikaangalia video nyumbani nimekaa. Hesabu ilikuwa hivi: pale pakali zaidi betri ilitoa ampea 20 kwa volti 38, yaani wati 760, na skuta ilipanda kwa kilomita 16 kwa saa. Mimi nina kilo 75, skuta kama 15.

Kusasisha kwenyewe hakuna ufundi mkubwa, ila kuna masharti. Betri ya skuta iwe zaidi ya nusu. Simu yenye Android 11 kushuka chini itakuomba ruhusa ya mahali ulipo ndipo iione skuta kwa Bluetooth. Ukikataa, utatafuta skuta mpaka uchoke. Kuanzia Android 12 ruhusa ni ya vifaa vya karibu. Simu inapakua faili kwanza kutoka mtandaoni, halafu inalituma kwenye skuta kidogo kidogo, na hiyo hatua ya pili ndiyo ya taratibu. Mimi nilitumia kifurushi badala ya waifai ya nyumbani, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya upakuaji unaanza upya. Wakati wa kutuma, simu ikae pembeni ya skuta, skrini isizime, na usifungue WhatsApp. Muunganisho ukikatika, skuta inaweza kubaki ikipiga mlio au ikaonyesha namba ya hitilafu kwenye kioo. Mara nyingi dawa ni kuizima, kuiwasha, na kurudia kutuma, kwa kuwa kile kipande kidogo cha programu kinachopokea masasisho hakifutwi. Kwangu ilipiga mlio, ikajizima, ikawaka. Namba mbili za toleo zilibadilika, ya dashibodi ikabaki vilevile.

Siku iliyofuata Makongoro, S iligota kwenye 20. D ikagota 15. Kila modi ilikuwa imeshuka kwa kilomita tano.

Fundi mmoja wa Kirumba alinisikiliza, akauliza, "Kaka, hii ilitoka nchi gani?" Nilipomjibu Ujerumani akacheka. Huko sheria iliyoanza Juni 2019 inaruhusu skuta hizi kilomita 20 kwa saa, mwisho. Nchi nyingine za Ulaya kama Ufaransa zinakwenda mpaka 25. Kiwanda kinatambua soko la skuta kwa namba yake ya utambulisho, na programu halali inaweka kikomo kulingana na soko hilo. Skuta yangu ilizaliwa na 20. Mwenye nayo wa kwanza aliweka kwenye kontrola programu iliyochezewa ili ipate 25, na sasisho lilipofika likaandika juu yake, likarudisha ya kiwandani. Nilirudi kuangalia ile picha ya skrini: namba ya toleo la zamani la kontrola haikufanana na mtindo wa namba za kiwanda. Dalili ilikuwa pale tangu mwanzo, kwa anayejua kuitafuta.

Spidi ya tambarare sikuililia sana. Kati ya Kirumba na mjini, kwa mashimo na watu wanaovuka bila kutazama, 20 inatosha. Kilichoniuma ni Bugando. Kipande kilekile, chaji ileile, video ilionyesha ampea 15 kwa volti 39, yaani wati 585, na spidi kilomita 12. Angalia uwiano: nguvu imeshuka kwa karibu robo, na spidi ya kupanda imeshuka kwa robo. Hapo ndipo unapojua kwamba kikomo cha ampea kimepunguzwa. Kama tatizo lingekuwa kikomo cha spidi peke yake, mlimani usingeona tofauti, kwa sababu kwa kilomita 16 nilikuwa bado chini ya 20. Na kama betri ingekuwa imechoka, volti zingeshuka sana wakati wa kupanda. Zangu zilipanda kidogo, kwa vile mota inavuta umeme kidogo. Kwa hiyo mtu akikuambia sasisho limeua betri yake, mwombe kwanza namba hizo mbili, volti na ampea.

Faida nayo ipo, nisiwe mchoyo. Mota ilikuwa inafika juu kwa shangazi ikiwa ya moto kiasi cha kutoishika. Sasa ni vuguvugu. Asilimia ya chaji nayo haishuki ghafla mlimani kisha kupanda tena tambarare. Baada ya sasisho la betri niliichaji mpaka mwisho mara moja na kuacha hesabu yake itulie kabla ya kuiamini.

Jambo ambalo lingeweza kuniumiza kweli ni mipangilio iliyorudi mwanzo bila taarifa. Breki ya umeme, ile inayorudisha chaji ukiachia mafuta, nilikuwa nimeiweka kiwango cha nguvu. Sasisho liliirudisha kwenye dhaifu. Anayeishi sehemu ya tambarare anaweza asigundue, lakini sisi wa kwenye mawe tunateremka kila siku. Wenye nyumba za juu wajue pia kwamba ukitoka na betri imejaa kabisa, breki hiyo inakuwa hafifu hata ukiiweka kwenye nguvu, kwa kuwa betri haina pa kuweka chaji inayorudi. Breki ya diski ndiyo ya kutegemea unapoteremka. Kile kipengele cha kushikilia spidi chenyewe, ambacho kwenye yangu kinaanza ukibana mafuta bila kubadilisha kwa sekunde kama tano, nacho kilikuwa kimewashwa tena. Mjini nakizima kabisa; skuta kuendelea kujivuta wakati umeshaachia kidole, mbele ya mkokoteni wa samaki wa Mwaloni, sikutamani kuiona mara ya pili.

Fundi aliniambia anaweza kurudisha toleo la zamani. Kwa njia ya simu haikubali, programu mpya ya kontrola inakataa kushuka toleo, kwa hiyo angefungua sakafu ya skuta na kuunganisha nyaya za ST-Link, kifaa cha kuandikia programu kwenye chipu, moja kwa moja kwenye bodi. Nilikataa. Programu iliyochezewa hujui aliyeitengeneza ameondoa ulinzi gani pamoja na kile kikomo, na betri ninalala nayo chumba kimoja. Tena kukaa bila kusasisha nako kuna gharama: Februari 2019 watafiti wa usalama walionyesha kwamba skuta ya Xiaomi M365 ilikuwa ikikubali amri za Bluetooth bila kuhakiki nywila, hata mtu aliye mbali akaweza kuifunga ikiwa safarini. Kasoro ya namna hiyo inatibiwa na sasisho tu.

Nyota nne kwa skuta, mbili kwa waliyoyaandika kwenye maelezo ya sasisho. Ukinunua ya mtumba, iunganishe na simu yako palepale kwa muuzaji, linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye skuta na inayosomeka kwenye aplikesheni, piga picha matoleo yote matatu, na uliza ilikuwa ya soko gani. Bei ya skuta ya 25 usiilipe kwa skuta ya 20.

Alama nyekundu imerudi tena juzi. Safari hii ni ya dashibodi peke yake, kwa hiyo nitaiweka Jumapili.