img2pdf: picha moja ya JPG, ukurasa mmoja wa A4, pambizo zilizokaa sawa

Kugeuza JPG kuwa PDF si kazi ngumu. Apu na tovuti za kufanya hivyo zimejaa kila kona. Shida huanza baada ya kubonyeza kitufe: unafungua PDF unakuta picha imebanwa hadi ukingoni mwa karatasi, au ukurasa wenyewe una ukubwa usioeleweka, au picha imepoteza ung'avu wake. Nimetumia njia nyingi, na niliyobaki nayo ni img2pdf, programu ndogo ya bure inayofanya kazi kwa kuandika amri. Haina madirisha wala vitufe. Kama hilo linakukera, afadhali ujue mapema.

Kuisakinisha ni `pip install img2pdf`, au kwa Debian na Ubuntu `sudo apt install img2pdf`.

Kwanza inafaa ujue kwa nini ukurasa hutoka na ukubwa wa ajabu. JPG haina sentimita ndani yake, ina pikseli. PDF nayo haijui pikseli. Ukurasa wake hupimwa kwa pointi, na pointi 72 ni inchi 1. Kwa hiyo lazima programu ijue ni pikseli ngapi ziingie kwenye kila inchi. Usipoiambia chochote, img2pdf husoma namba iliyoandikwa ndani ya picha, na isipoikuta hutumia 96. Picha nyingi za simu zimeandikwa 72, namba ambayo haina maana yoyote kwa uchapaji. Chukua picha ya pikseli 4000 kwa 3000: ukigawa kwa 72 unapata ukurasa wenye upana wa sentimita 141 na kimo cha sentimita 106. Hilo ni bango, si karatasi. Kwenye skrini huwezi kugundua, maana kila kisomaji cha PDF hukupunguzia ukurasa uenee dirishani. Utakuja kushtuka printa inapoanza kulalamika au mpokeaji anapokuambia faili lako halikubaliki.

Dawa ni kutaja karatasi na pambizo waziwazi:

```
img2pdf foto.jpg --pagesize A4 --auto-orient --border 2cm -o foto.pdf
```

`--pagesize A4` inafunga ukurasa kwenye milimita 210 kwa 297. `--border 2cm` ni pambizo ya chini kabisa inayoruhusiwa kila upande. Hiyo `--auto-orient` ndiyo ninayoipenda kuliko zote: picha ikiwa ya mlalo, karatasi nayo inalazwa.

Tuifuate ile picha yetu ya 4000 kwa 3000. A4 ikilala ina sentimita 29.7 kwa 21. Ondoa sentimita 2 kila upande, inabaki nafasi ya 25.7 kwa 17. Picha ina uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo kinachoibana ni kimo: inakuwa sentimita 17, na upana unafuata kuwa 22.7 hivi. Matokeo yake ni pambizo za sentimita 2 juu na chini, na kama 3.5 kushoto na kulia. Wengine huona hapo kuna kasoro kwa sababu waliomba 2 pande zote, lakini ili pande zote zilingane ingebidi picha ivutwe ipoteze umbo au ikatwe. Mimi nashukuru kwamba programu haithubutu. Bila `--auto-orient`, picha hiyohiyo kwenye karatasi iliyosimama ingekuwa na upana wa sentimita 17 na kimo cha 12.75 tu, na weupe wa karibu sentimita 8.5 juu na mwingine kama huo chini. Si kosa, ila ukurasa unaonekana mtupu.

Kwa nini sentimita 2? Printa nyingi za nyumbani na ofisini haziwezi kuweka wino hadi ukingoni, huacha milimita chache. Pambizo ya milimita 3 iko hatarini kuliwa. Kuanzia sentimita 1 uko salama, na 2 inaacha nafasi ya kushika karatasi bila kugusa picha.

Ubora ndio uliofanya niachane na zile tovuti. img2pdf haiifungui picha na kuibana upya. Inaichukua JPG ilivyo na kuiweka ndani ya PDF. Ndiyo maana faili linalotoka huzidi la awali kwa kilobaiti chache tu. Ukitaka kuhakiki, na una vifaa vya Poppler, programu ndogo za kukagua PDF kwa amri, andika:

```
pdfinfo foto.pdf
pdfimages -list foto.pdf
```

Amri ya kwanza inapaswa kuonyesha `841.89 x 595.276 pts (A4)`. Ya pili itakuonyesha pikseli zilezile 4000 na 3000, neno `jpeg`, na `448` kwenye safu ya `x-ppi`, yaani pikseli 448 kwa kila inchi ya karatasi. Kwa uchapaji wa picha, 300 inatosha kabisa, kwa hiyo hapa tuna akiba. Ila uaminifu huo una upande wa pili: kama simu iliandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, taarifa hiyo nayo inaingia kwenye PDF. Picha ya kutuma kwa watu usiowajua isafishe kwanza.

Picha iliyopitia WhatsApp ni habari nyingine. Tuseme imebaki na pikseli 1280 kwa 960. Amri ileile itaitanua mpaka ijaze nafasi, na utapata pikseli 143 tu kwa inchi. Sura itasomeka lakini maandishi madogo yataanza kuwa na ukungu. Hapo naacha pambizo ziwe kubwa na kutaja ukubwa wa picha mwenyewe:

```
img2pdf foto.jpg --pagesize A4 --imgsize 16cmx12cm -o foto.pdf
```

Sasa inafika pikseli 203 kwa inchi, inakaa katikati ya karatasi iliyosimama, na pambizo za pembeni ni sentimita 2.5. Angalia kwamba 16 kwa 12 ni uwiano uleule wa picha.

Lawama yangu kubwa ni moja. Picha hukaa katikati daima. Unaweza kutofautisha pambizo za juu na chini na zile za pembeni, kwa mfano `--border 2cm:3cm`, lakini huwezi kuomba kushoto 3.5 na kulia 1.5 ili karatasi itobolewe na kuingia kwenye faili la ofisini. Kwa kazi hiyo narudi LibreOffice Writer: naweka pambizo za ukurasa, naingiza picha, kisha nasafirisha PDF. Ila kwenye dirisha la kusafirisha nachagua `Lossless compression` na kuondoa alama kwenye `Reduce image resolution`, kwa sababu isipoguswa itaibana picha upya kwa ubora wa 90% na kuishusha hadi 300 kwa inchi.

Na wakati wa kuchapa, chagua `Actual size`. Ukiacha `Fit`, printa huenda ikapunguza ukurasa mzima, na zile sentimita 2 ulizozipigia hesabu hazitakuwa 2 tena.