Uzoefu wangu na np.linalg.eig kwenye mnyororo wa Markov wa hali mbili

Nafundisha takwimu jioni, na kwa muhula mzima nimetumia NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, kuwaonyesha wanafunzi mnyororo wa Markov, yaani mfumo ambao uwezekano wa hali ya kesho unategemea hali ya leo tu. NumPy ni bure, imeingia bila shida kwenye kompyuta yangu ya zamani, na kwa kazi kubwa sina lalamiko nayo. Ninachotaka kueleza ni kipengele kimoja tu, `np.linalg.eig`, nilivyokitumia kwenye mnyororo wa hali mbili, kilivyoniaibisha mbele ya darasa, na kwa nini kwa hali mbili siku hizi sikifungui kabisa.

Mfano niliouchagua ni mvua ya Tel Aviv. Watafiti Gabriel na Neumann waliuchapisha mwaka 1962, wakitumia siku 2437 za Desemba, Januari na Februari katika misimu 27. Kila siku waliiita kavu au ya mvua, wakahesabu inavyofuatwa na siku nyingine. Siku kavu 1399 zilifuatwa na mvua mara 350, yaani uwezekano 0.250. Siku za mvua 1038 zilifuatwa na mvua nyingine mara 687, yaani 0.662. Nikaandika hivi, mstari wa kwanza ukiwa wa siku kavu:

```python
import numpy as np
P = np.array([[0.750, 0.250],
              [0.338, 0.662]])
w, V = np.linalg.eig(P)
```

Ndani ya `w` zikatoka thamani eigeni mbili, 1 na 0.412. Thamani eigeni ni namba ambayo matriksi huizidishia vekta fulani bila kuigeuza mwelekeo. Ndani ya `V` kukawa na vekta zenyewe. Nilikuwa najua kwamba vekta ya thamani 1 ndiyo inayobeba mgawanyo wa muda mrefu, yaani sehemu ya siku zilizo kavu na sehemu ya zile za mvua, nikaitazama: 0.7071 na 0.7071. Nikazigawanya kwa jumla yake, nikapata nusu kwa nusu, nikaandika ubaoni bila kusita.

Binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani si umesema siku za mvua ni 1038 kati ya 2437? Hiyo haifiki nusu."

Haifiki kweli, ni kama 0.426. Kosa halikuwa la programu, maelezo yake yanasema wazi kwamba vekta zake ni za kulia, yaani zinazokaa kulia kwa P katika kuzidisha, na zinasomwa kwa safu wima. Kila mstari wa matriksi ya mpito, ile P yetu, unajumlisha 1, kwa hiyo vekta ya kulia ya thamani 1 huwa na namba zinazolingana, iwe Tel Aviv au kwingineko. Nilichosoma hakikuwa na habari yoyote ya mvua. Mgawanyo huo wa muda mrefu unatokana na vekta ya kushoto, na kuipata unageuza mistari ya P kuwa safu wima, yaani unaita `np.linalg.eig(P.T)`. Huko zinatoka namba kama 0.804 na 0.595, pengine zote zikiwa na alama ya kutoa, kwa sababu urefu wa vekta umefanywa 1, si jumla yake. Ukizigawanya kwa jumla ndipo unapata 0.575 kavu na 0.425 ya mvua. Tena angalia ni safu ipi ya thamani 1, maana mpangilio hauna ahadi.

Usiku ule nilikaa na kalamu nikaona najitesa bure. Tuite uwezekano wa kutoka kavu kwenda mvua a, na wa kutoka mvua kwenda kavu b. Thamani eigeni ya kwanza ni 1, tumeshaona sababu. Jumla ya thamani eigeni ni sawa na jumla ya ulalo wa matriksi, ambayo hapa ni 2 − a − b. Basi ya pili, tuiite λ, lazima iwe 1 − a − b. Kwetu ni 1 − 0.250 − 0.338 = 0.412. Hakuna mlinganyo wa kipeo cha pili wala kibainishi.

Uwezekano wa siku n mbele unasomwa kwenye P^n, yaani P ikizidishwa yenyewe mara n. Sasa kila kipengele cha P^n kina umbo A + Bλ^n, kwa sababu 1 ikipandishwa kipeo chochote inabaki 1. Kutafuta A na B tunatumia vitu viwili tunavyovijua tayari. Chukua kavu kwenda mvua. Kwa n = 0 jibu ni 0, kwani hujasogea, hivyo B = −A. Kwa n = 1 jibu ni a, hivyo A(1 − λ) = a. Na 1 − λ ni a + b. Mvua kwenda mvua inaanzia 1 badala ya 0, mengine ni yale yale. Tukiita kavu 0 na mvua 1:

```
p01(n) = a/(a+b) · (1 − λ^n)
p11(n) = a/(a+b) + b/(a+b) · λ^n
```

Leo imenyesha, je, siku ya tatu kutoka leo? λ^3 ni 0.0699. Chukua 0.425, ongeza 0.575 × 0.0699, unapata 0.465. Kama leo ni kavu, inatoka 0.395. `np.linalg.matrix_power(P, 3)` inatoa hayo hayo. Wengi darasani walikuwa wamepandisha 0.662 kipeo cha tatu wakapata 0.290. Hilo ni jibu la swali jingine: uwezekano wa kunyesha siku zote tatu mfululizo. Sisi tunataka siku ya tatu tu, za kati ziwe vyovyote.

Lakini kilichonifanya niipende fomula ni tofauti ya hizo mbili, p11(n) − p01(n). Ukitoa, kila kitu kinakatana na kubaki λ^n peke yake. Kwa hiyo λ ndiyo kipimo cha kumbukumbu ya hali ya hewa. Siku ya tano imebaki 0.012: aliyelowa leo na aliyekauka leo wanakaribia kubashiri sawa. Matriksi ikizidishwa mara tano inakupa namba nne sahihi, ila hilo halikurukii machoni.

Na λ inaweza kuwa hasi. Mwaka 1913 Markov mwenyewe alihesabu herufi 20,000 za shairi la Pushkin, *Yevgeni Onegin*. Irabu ilifuata irabu kwa uwezekano 0.128, na ilifuata konsonanti kwa 0.663. Hapo λ ni 0.128 − 0.663 = −0.535. Ukianza na irabu, herufi inayofuata ni irabu kwa 0.128, ya pili yake kwa 0.595, halafu inashuka tena, ikiyumba kuzunguka 0.432 hadi itulie. Ukiona majibu yako yanaruka juu na chini hivyo, usidhani umekosea, angalia kwanza kama a + b imezidi 1.

Sehemu za kuangalia ni chache. Kama a na b zote ni 0, fomula inagawanya kwa sifuri. Hapo mnyororo hausogei na jibu ni matriksi ya utambulisho. Zote zikiwa 1, λ ni −1 na mnyororo unabadilishana milele bila kutulia. Kwenye kompyuta, a na b zikiwa ndogo mno, gawanya kwa a + b moja kwa moja, usiandike 1 − λ, maana ukikokotoa λ kwanza tarakimu ndogo zinamezwa na ile 1. Na a na b lazima ziwe zile zile kila siku: namba za Tel Aviv ni za miezi mitatu ya baridi, usizipeleke Machi.

Nyota nne kwa `eig`. Nikiwa na hali tatu au zaidi bado naifungua, nikiwa nimeandika `P.T` kabla ya kitu kingine chochote.