TAHADHARI: Muuza medali za "babu wa keya" anayekutana na wateja Posta

Wakuu, kama mnakusanya medali na vifungo vya zamani vya jeshi, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anatangaza "urithi wa babu" kwenye magrupu ya vitu vya kale: medali moja ya Vita vya Kwanza na vifungo vinne, bei laki tatu na nusu. Anapenda mkutane karibu na Sanamu ya Askari, na hapo huanza hadithi ya babu aliyekuwa keya, yaani askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza. Hadithi tamu kweli. Mimi nililipa.

Kilichonishtua kwanza ni vifungo. Alisema babu alivivaa 1917. Nilipofika nyumbani Sinza nikawasha taa ya mezani nikatazama taji lililo juu ya nembo. Taji la jeshi la Uingereza kuanzia 1901 hadi zama za Mfalme George wa Sita lina matao yaliyoinuka kama kuba. Malkia Elizabeth alipoingia, matao yakachorwa upya na katikati yakabonyea. Haya yangu yamebonyea. Halafu ni vyepesi kama kizibo cha soda, maana ni vya aluminiamu iliyotiwa rangi ya dhahabu, si vya shaba ya kung'arishwa kwa kitambaa. Vifungo vyenyewe huenda ni halali kabisa, ila ni vya miaka ya hamsini au baada ya hapo, si vya babu wa 1917.

Hapo nikaigeukia medali. Ni ile ya Uingereza ya 1914 hadi 1918: upande mmoja Mfalme George wa Tano bila taji, upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi. Ya kweli ni ya fedha na upana wake ni milimita 36. (Zipo za bronzi zilizopewa baadhi ya vikosi vya vibarua, lakini hizo zina rangi ya bronzi.) Yangu ilikuwa nyeupe, na vernia ilisoma 35.5. Nusu milimita inaonekana si kitu, ila ndiyo inayomuumbua mtu aliyechukua medali halisi, akaifanyia kalibu na kusubu nyingine: chuma kikipoa hunywea.

Nikaenda kwa sonara Kariakoo kuazima mizani. Nilitoa utepe, nikaipima kavu: gramu 25. Kisha tukaweka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani, tukairudisha sifuri, nikaining'iniza medali kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Tikisa kidogo viputo vitoke. Mizani ikasoma 2.9. Gawanya 25 kwa 2.9, unapata kama 8.6. Fedha ya medali hizi hutoa kama 10.3, shaba ya njano hutoa kama 8.5. Sonara hakuhitaji hata kukwaruza, akacheka tu: "Kaka, hii ni shaba imeogeshwa."

Kipimo hiki kina mpaka wake. Mtu akisubu kwa fedha halisi, maji hayatakwambia kitu. Hapo tazama ukingo. Namba, cheo, jina na kikosi cha askari viligongwa kwa chapa, kwa hiyo herufi zina kingo kali na sakafu safi. Zangu zilikuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, na ndani yake vipele vidogo vya kalibu. Ila msiikatae kila medali isiyo na jina: zile za Vita vya Pili ambazo Uingereza iliwapa askari wake kwa kawaida hazikuandikwa. Na ukingo uliokwanguliwa jina na kuandikwa jingine huwa mwembamba sehemu hiyo; zungusha vernia pande kadhaa, usipime mara moja tu.

Nilimpigia. Akaniambia, "Mzee wangu, labda babu ndiye alipewa feki," kisha akanizuia. Sasa ana jina jingine, lakini picha anapiga kwenye zulia lilelile jekundu lenye doa la chai.

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa Tanga alinitumia picha ya medali aliyonunua kwake. Namba ileile ya askari, jina lilelile, na karibu na mguu wa nyuma wa farasi kuna kidonda kidogo kama alama ya msumari. Nikachukua yangu nikaiweka pembeni ya simu. Kidonda kilekile, mahali palepale. Kama na wewe unayo yenye alama hiyo, weka picha hapa chini tujue amesubu ngapi.