ADX ipi uichukue, na ipi usiitolee pesa

Hapa Mwanza wengi wetu tunafanya foreksi kwa simu, na kwenye magrupu ya WhatsApp kila wiki kuna anayeuza indiketa ya "kupima nguvu ya trendi". Kabla hujatuma pesa, jua kuwa kipimo hicho kipo bure. Ni ADX, aliyoitoa Welles Wilder mwaka 1978. Haisemi bei inaelekea wapi. Inasema tu kama mwendo una nguvu.

Chaguo langu la kwanza ni MT5 ya kompyuta, kwa sababu ina ADX mbili. Chukua iliyoandikwa `Average Directional Movement Index Wilder`, kipindi 14. Ile nyingine huipa kandeli ya mwisho uzito wa takriban asilimia 13, wakati hesabu ya Wilder huipa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo hiyo nyingine hupanda na kushuka haraka, na 25 yake si 25 ya Wilder. Watu wawili wanaweza kutazama chati moja, mmoja akaona trendi na mwenzake asione.

La pili ni TradingView, nayo hutumia hesabu ya Wilder. Ukibaki MT4, ambayo ADX yake si ya Wilder, weka kipindi 27 badala ya 14; utakaribia, ingawa namba hazitalingana kabisa.

Sasa matumizi. Tuseme asubuhi, kabla London haijafungua, EURUSD kwenye chati ya saa moja inazunguka kati ya 1.0820 na 1.0850, ADX ikiwa 16. Chini ya 20 mimi hucheza renji: nauza karibu na 1.0850, stop 1.0860, lengo 1.0830. Stop hiyo ni ya lazima, maana ADX ndogo haizuii bei kuvunja ukuta.

London ikifungua, bei ikafunga juu ya 1.0860 na ADX ikapanda kupita 25, huku +DI, mstari wa nguvu ya kupanda, ikiwa juu ya -DI, mstari wa nguvu ya kushuka, siuzi tena. Nasubiri bei irudi karibu na 1.0850 ninunue. Kati ya 20 na 25 nakaa pembeni.

Udhaifu wake ni kuchelewa: ikifika 25, sehemu nzuri ya safari huwa imeshapita. Na ikishuka kutoka 40, usidhani bei imegeuka. Mara nyingi imepunguza kasi tu.

Mwisho kabisa naziweka indiketa za kuuziwa. Faili lao la `.ex5` halikuonyeshi hesabu iliyomo, na MT5 ya simu haipokei indiketa za nje, hivyo mwenye simu tu amenunua kitu asichoweza kukifungua. Kama una kompyuta, omba kuijaribu kwanza: piga picha mshale wake wa kununua au kuuza unapotokea, kisha linganisha kandeli kadhaa zikishafunga. Mshale ukiwa umehama au umefutika, usinunue.