Vigae vya udongo au vya saruji? Nilivyoona Nakuru

Kwetu Njoro, nje ya Nakuru, nimeezeka nyumba yangu kwa vigae vya udongo na ya mama kwa vya saruji. Wengi huniambia udongo ni mwepesi, kwa hiyo hauhitaji mbao nyingi. Nawasihi wasijenge kwa imani hiyo.

Kigae changu cha udongo kina kilo 2.7, cha saruji kilo 4.5. Lakini mita moja ya mraba inameza vigae 15 vya udongo, wakati vya saruji ni 10 tu. Piga hesabu: kilo 40 kwa 45. Tena nililoweka kigae kimoja cha udongo usiku kucha, asubuhi kikafika kilo 3. Mvua za masika zikishika, wepesi wake wote umekwisha.

Kazi yenyewe iko kwenye kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Paa langu lina mita 150 za mraba, na nyumba ina upana wa mita 8. Fundi alitaka kuacha mita 1.2 kati ya kenchi na kenchi, alivyozoea kwa mabati. Kwa nafasi hiyo kila kenchi hubeba takriban mita 11 za mraba za paa. Mabati yangekuwa kilo thelathini na kitu, vigae ni karibu kilo 500! Mhandisi akaamua zikae kila sentimita 60, mzigo ukagawanyika nusu kwa nusu. Alikataa pia mbao mbichi za msaipresi, kwa sababu zikikaukia chini ya mzigo hupinda na hazirudi. Ukitaka kujua paa lililolegea, simama kwenye pembe ya nyumba utazame mstari wa vigae vya mwisho. Ukiona mawimbi, mbao zimeshaanza kushuka.

Kwenye usafiri ndipo udongo uliponiumiza. Lori lilitoka upande wa Nairobi, na wapakiaji walikuwa wamevilaza vigae vya chini chali, vingine vikavikalia juu. Zaidi ya 100 vilivunjika, na mwenye lori akakataa kulipa. Mzigo uliofuata nilisimamia upakiaji mwenyewe: vigae vimesimama kwa ubavu, vimebanana, nyasi kavu kati ya safu na safu. Vilivyovunjika havikujaza karai.

Usihesabu vilivyokatika tu. Kining'inize kigae kwa vidole, ukigonge kwa kifundo. Kizima hulia kama chungu kilichoiva, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa, na hicho kitavuja.

Vya saruji vilivumilia barabara vizuri zaidi. Vilivyoharibika vilimeguka pembe na vile vijino vya nyuma vinavyoshika ubao, hasa vilivyotoka kiwandani vikiwa vichanga. Muulize muuzaji vilifyatuliwa lini, na vikiwa havijatimiza siku 28 viache huko huko vikomae.

Aliye mbali na kiwanda cha vigae vya udongo, ningemshauri achukue vya saruji. Nyumba yangu ya vigae vya udongo ina baridi nzuri mchana na rangi haijafifia, ila ukivichagua agiza ziada ya vigae 5 kwa kila 100, na uvipandishe juu ukigawa pande zote mbili za paa kwa pamoja, kenchi zisisukumwe upande mmoja.