Nilivyouacha mrija wa tefloni: miezi saba na koo la metali mbili kwenye printa yangu ya 3D

Kilichonifanya ninunue koo jipya ni gia yenye meno 27. Fundi wa fotokopi ninayefanya naye kazi pale Kariakoo aliniletea gia iliyokatika meno mawili, ile inayokaa ubavuni mwa fyuza, sehemu inayogandisha tona kwenye karatasi kwa joto. Nilimchapia ya kwanza kwa plastiki ya PETG. Ikazunguka siku mbili, ya tatu akanipigia simu: "Kaka, meno yamelala." PETG huanza kulegea karibu na nyuzi 80, na ubavuni mwa fyuza kuna moto. Tukakubaliana nijaribu nailoni, nikamwahidi ndani ya wiki. Ilinichukua karibu mwezi, na aliyenichelewesha ni mrija mweupe ambao sikuwahi kuufikiria tangu ninunue printa.

Kwa ambao hawajawahi kufungua hotendi zao, sehemu ya printa inayoyeyusha plastiki: printa nyingi za bei ya chini zina mrija wa tefloni, yaani PTFE, unaotoka kwenye ekstruda inayosukuma plastiki, unapita katikati ya mapezi ya kupozea, unaingia ndani ya koo, na kwenda kugusa mgongo wa nozeli kabisa. Mrija huo una upana wa milimita 4 nje na 2 ndani, na filamenti, yaani waya wa plastiki wa milimita 1.75, inateleza humo. Koo ni kile kipande chembamba chenye uzi kinachounganisha upande wa baridi na bloku ya moto. Mpango huu ni mzuri kwa PLA, plastiki ya joto la chini. Tefloni inateleza kuliko karibu kitu kingine chochote, plastiki iliyolainika haing'ang'anii, na mashine inafanya kazi hata kama upoozaji wake si wa hali ya juu. Nilichapa nayo mwaka mzima bila kero.

Nailoni niliyonunua ilitaka nyuzi 250 hadi 265. Nikaweka 255. Skrini ilikubali, kwa sababu printa yangu inaruhusu kupanda hadi 260, nami nikachukulia kwamba mtengenezaji hawezi kuruhusu kitu kitakachoiharibu mashine yake. Hapo ndipo nilipokosea, na najua wengi wanakosea papo hapo. Programu nyingi za printa hizi zinatokana na Marlin, na ndani yake kuna mstari huu:

```
#define HEATER_0_MAXTEMP 275
```

Marlin inatoa nyuzi 15 za tahadhari, ndiyo maana unabaki na 260 kwenye skrini. Namba hiyo inalinda hita na thamista, kile kidude kinachopima joto. Haijui kama ndani ya koo kuna mrija wa plastiki au hakuna.

Gia ya kwanza ya nailoni ilitoka vizuri. Ya pili pia. Ya nne ikaanza kuwa na tabaka zenye matundu, halafu nikasikia ekstruda inagonga, tak, tak, tak, gia yake ikiteleza juu ya filamenti. Nikadhani ni unyevu, maana nailoni inanyonya maji hewani na Dar unaijua. Nikaikausha usiku kucha kwa nyuzi 70. Mlio ukarudi. Nikabadilisha nozeli, ikapona kwa saa mbili, ikarudi tena.

Nilipouchomoa mrija nikaona kila kitu. Ncha yake, kama milimita 8 za mwisho, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi. Mdomo haukuwa bapa tena. Ulikuwa umefura kwa nje na kujikunja kwa ndani, tundu limebana kiasi kwamba kipande kipya cha filamenti kilikwama nilipojaribu kukipitisha kwa mkono. Na pembeni mwa mdomo kulikuwa na pete ya nailoni iliyoungua, nyembamba kama kucha, iliyojipenyeza kati ya mrija na nozeli.

Tefloni haiyeyuki hadi nyuzi 327, na vitabu vya vifaa vinasema inaweza kutumika mfululizo hadi 260. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: mbona 255 imeniharibia? Jibu ni kwamba namba hizo ni za tefloni iliyotulia. Ndani ya hotendi haijatulia. Kapla ya juu, kiungo kinachoushika mrija, inaukandamiza uibane nozeli, plastiki iliyoyeyuka inausukuma kutoka chini, na tefloni ni laini, ikipata moto na mgandamizo kwa pamoja inatambaa polepole na kubadilika umbo. Tena hupanuka sana ikipata joto. Inapanuka, haina pa kwenda, inajifinyanga upya, kisha ukizima printa inasinyaa na kuacha mwanya. Mwanya huo hujaa plastiki. Kila filamenti inaporudishwa nyuma, plastiki hiyo huvutwa juu, inaganda sehemu ya baridi, na hapo ndipo ekstruda inapoanza kugonga. Ongeza kwamba joto halikai palepale unapoliweka: kabla ya kurekebisha PID, namba zinazodhibiti hita, printa yangu ilikuwa ikipitiliza hadi 262 kabla ya kushuka. Ndiyo maana mafundi wengi hukomea 240 kwa kazi za muda mrefu, na mimi sasa naiheshimu namba hiyo.

Kuna na suala la hewa. Tefloni ikizidishiwa joto hutoa mvuke wenye sumu. Uchakavu mkubwa unakuja juu zaidi, nyuzi 350 na kuendelea, lakini huanza taratibu ukishavuka 260. Mtu akivuta mvuke huo kwa wingi hupata homa inayofanana na mafua. Ndege wanakufa, mapafu yao hayastahimili kabisa. Jirani yangu anafuga kasuku dirisha kwa dirisha na chumba changu cha kazi, na hilo lilinikosesha usingizi kuliko zile gia zilizoharibika.

Nilichonunua ni koo la metali mbili linaloingia kwenye hotendi yangu ileile, si hotendi nzima. Lilinigharimu shilingi 48,000 pamoja na usafiri. Juu ni shaba, chini ni titani, na katikati yake ni mrija mwembamba sana. Shaba inanyang'anya joto na kulipeleka kwenye mapezi haraka, titani inalipitisha kwa shida, kwa hiyo mpaka kati ya moto na baridi unakuwa mfupi. Mrija wa tefloni bado upo, lakini unaishia juu, upande wa baridi. Hakuna tefloni inayogusa moto.

Kulifunga kulichukua saa moja na nusu. Nilipasha hotendi hadi 220 nikatoa filamenti na kulegeza nozeli, nikazima, nikasubiri ipoe ndipo nikafungua skrubu ndogo zinazoshika koo. Pesti ya kupitisha joto nilipaka sehemu ya shaba tu, inayoingia kwenye mapezi. Halafu inakuja hatua ambayo usiifanye kwa haraka: ingiza nozeli mpaka mwisho, irudishe robo mzunguko, kisha teremsha koo hadi ligusane nayo ndani ya bloku. Mwishowe pasha hadi 260 na kaza nozeli ikiwa ya moto, huku umeishika bloku kwa spana ili usivunje koo, maana ni jembamba kweli. Nozeli ikikaa bapa kwenye bloku bila mwanya wowote, ujue imekaza bloku, haijakaza koo. Mara ya kwanza nilikaza ikiwa ya baridi, na baada ya chapa moja nikaona plastiki ya kahawia inachuruzika juu ya bloku kupitia kwenye uzi. Nikarudia kwa moto, haijavuja tena hadi leo.

Baada ya hapo nilirekebisha PID kwenye joto nitakalolitumia:

```
M303 E0 S255 C8 U1
M500
```

Sasa haipitilizi zaidi ya nyuzi mbili.

Nailoni kwa 255 imekuwa raha. Tatizo limehamia kwenye PLA, na hili wauzaji hawalisemi. PLA hulegea karibu na nyuzi 60. Ndani ya tefloni ingeteleza tu, lakini ndani ya metali ikilainika mapema inavimba na kung'ang'ania ukuta. Wiki ya kwanza, mchana wa jua kali chumbani kukiwa na nyuzi 33, ilikwama mara tatu, kila mara baada ya dakika 40 hivi. Nikivuta filamenti, inatoka na kichwa kilichonenepa kama njiti ya kiberiti. Kilichosaidia zaidi ni kupunguza urefu wa kuirudisha nyuma, kutoka milimita 6 hadi 3, ili plastiki laini isivutwe hadi eneo la baridi. Nilibadilisha pia feni ya mapezi iliyokuwa imejaa vumbi. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ziliongezeka kidogo, nikazipunguza kwa kushusha joto la PLA hadi 200.

Kwa hiyo kama unachapa PLA, TPU, na PETG ya nyuzi 230 hadi 240, baki na tefloni yako. Kagua ncha yake kila baada ya miezi michache, na ikianza kuwa kahawia kata milimita 10 kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, au weka mpya. ABS iko mpakani: zipo zinazotoka vizuri kwa 235, na zipo zinazotaka 250. Ukifika ASA, nailoni, na kitu chochote kinachokaa juu ya 245 kwa saa nyingi, nunua koo la metali kabla hujanunua filamenti.

Ila lisikudanganye kwamba sasa unaweza kila kitu. Polikaboneti nyingi zinataka 270 hadi 310. Hapo koo linaweza, lakini programu inakuzuia kwenye 260, na thamista ya kawaida yenye tone la kioo si ya kuiamini ukikaribia 300. Ukibadilisha mstari wa programu bila kubadilisha thamista, umeondoa kinga iliyokuwa inakulinda. PEEK inataka karibu nyuzi 400 na boksi lenye joto lake, hiyo ni mashine nyingine kabisa. Mimi nimeamua kukomea 260.

Printa yangu ya pili, ndogo, nimeiachia mrija wake wa tefloni na inachapa PLA tu. Ile gia ya meno 27 sasa inafanya kazi kwa mwezi wa sita. Juzi fundi aliifungua fyuza kubadilisha rola, akanitumia picha: meno yamepata rangi ya njano, lakini yamesimama yote, na ameagiza nyingine nne za akiba.