Mtoto hajakosa hata siku moja, programu inampa 87%

Nimekasirika, na nitaeleza kwa hesabu. Programu hii ya kulipia unaipa skrinishoti ya daftari la mahudhurio, nayo inakurudishia asilimia ya kila mwanafunzi na orodha ya walio hatarini kushuka chini ya kiwango. Kwetu kiwango ni 80%. Skrinishoti ya mwezi ilikuwa na safu 23 za tarehe. Tatu zilikuwa tupu: sikukuu mbili, na siku moja shule ilifungwa kwa mafuriko. Siku za masomo basi ni 20.

Programu ikagawanya kwa 23! Mtoto aliyehudhuria siku 18, yaani 90%, ikamwandikia 78% na kumtia kwenye orodha. Ukitaka kuigundua kasoro hii haraka, tafuta mtoto ambaye hajakosa hata siku moja. Kama hana 100%, kigawanyo kimekosewa. Aliyehamia katikati ya mwezi ndiye aliyeonewa zaidi: amekuja siku 11 kati ya 12 tangu aandikishwe, akapewa 48%.

Huduma kwa wateja walinijibu kwa mkato: "Kisanduku kitupu maana yake hayupo." Si kweli! Hayupo ni 0. Kisanduku kitupu ni siku ambayo jina la mtoto huyo halikuitwa kabisa.

Nilitaka kuwaambia msiinunue, lakini kwa haki siwezi. Picha imeisoma vizuri mno. Nimelinganisha na daftari mstari kwa mstari, 1 na 0 zote ziko mahali pake. Basi chukua jedwali lake, asilimia zake ziache, ukokotoe mwenyewe:

```
=COUNTIF(C5:Y5,1)/COUNT(C5:Y5)
```

COUNT huhesabu tarakimu tu, kwa hiyo huruka visanduku vitupu vya sikukuu na vya kabla ya mtoto kuhamia. Huruka pia R ya ruhusa. Kama shule yenu huhesabu ruhusa kuwa ni kukosa, geuza kila R iwe 0 kwanza.

Hasira inanirudia nikifika kwenye orodha. Hata ukisahihisha kigawanyo, inataja walioshuka tayari tu. Aliye hatarini ni yule ambaye bado hajashuka! Mwenye siku 17 kati ya 20 ana 85% na anaonekana salama, lakini akikosa siku mbili zinazofuata, 17 kwa 22 ni 77%. Mwenye 18 akikosa mbili hizo hizo anabaki na 82%. Fomula ya kuwatenganisha ni hii:

```
=COUNTIF(C5:Y5,1)/(COUNT(C5:Y5)+2)<0.8
```

Wanaotoka TRUE, toa ambao tayari wako chini ya 80%. Waliobaki ndio wa kufuatilia. Orodha ya programu ilikuwa na majina 14. Hii imetoa manne, na wazazi wa hao wanne ndio wa kupigiwa simu wiki hii, sio wa wale kumi wengine.